Kwa nini hadithi zetu za maskini lazima ziishie na gari jeupe getini?

KalamuKavu (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni. Nina kikundi cha kusomeana hadithi, watu kumi hivi, tunakutana Jumamosi. Wiki iliyopita nimesoma hadithi yangu, watu wakatoa leso. Kasoro dada mmoja anayeuza samaki Feri. Yeye alisema tu, "Huyo mama hujawahi kumwona," akachukua beseni lake akaondoka. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Kipande chenyewe hiki:

*"Mama Siwema, maskini wa Mungu, aliketi juu ya kigoda kilichochakaa, machozi yakimlengalenga. Wanawe wanne waliodhoofu walimtazama kwa macho yaliyojaa njaa. Alijua fika kwamba usiku huo nao wangelala bila kutia kitu tumboni. Alitazama juu, akauliza, Ee Mola, kwa nini mimi?"*

Baadaye gari jeupe linasimama getini, anashuka bwana mwenye suti, anawaona watoto, anaguswa, anawapeleka shule. Siwema anakuwa daktari. Nimekosea wapi?

Nasubiri_Wajuzi
Nimevuta mkeka, nimekaa pale.

BiKidawa
Mwanangu, la kwanza: getini wapi? Mtu anayelala njaa na wanawe wanne ana geti?

KalamuKavu
Shikamoo Bi Kidawa. Geti nimeliona sasa hivi. Nalitoa.

BiKidawa
Marahaba. Usitoe geti tu, toa na bwana aliyesimama hapo.

Msomaji_wa_Daladala
Mimi hadithi nimeipenda, nimelia kwenye basi mpaka kondakta akanirudishia nauli. Watu wanataka nini tena? Hadithi ikimliza mtu imefanya kazi yake.

Mwl_Mstaafu
Ndugu KalamuKavu, soma kipande chako tena, uhesabu mama huyu anafanya vitendo vingapi. Anaketi. Anatazama. Basi. Nimefundisha fasihi miaka mingi na insha za namna hii nilikuwa napokea kila muhula, madaftari kwa madaftari, za watoto ambao wengine walikuwa wanatoka kwenye nyumba za aina hiyohiyo. Mtoto ameacha mama yake nyumbani anakaanga maandazi tangu saa tisa usiku, lakini akishika kalamu anaandika mama aliyeketi na machozi. Amefundishwa kwamba maskini wa kwenye karatasi haendi popote, anangoja.

Nenda jioni kwenye uwanja wa nyumba yoyote ya kupanga, saa kumi na moja hivi. Utafute aliyeketi. Saa hiyo ndiyo saa ya pilikapilika kuliko zote, kwa sababu anayeshika pesa kidogo ndiye mwenye hesabu nyingi za kupiga. Mwenye pesa ananunua unga mfuko mmoja, anausahau mwezi mzima. Mwenye kidogo anafanya maamuzi ya unga kila siku.

Na neno "maskini wa Mungu" ni la nani? Mama Siwema mwenyewe hawezi kujiita hivyo. Atasema leo hali ngumu, atasema nimefulia, atasema mambo hayajakaa sawa. "Maskini" ni neno la anayepita njia.

Ploti_Ten (Nairobi)
Mwalimu amepiga ndipo. Huku kwetu mboga ya watu wa chini inaitwa sukuma wiki. Jina lenyewe ni hadithi: unaisukuma wiki mpaka mshahara. Hakuna profesa aliyelitunga. Mtu alisimama kwa mama mboga, akaangalia mfuko wake, akachekesha, na sasa liko kwenye menyu za hoteli kubwa. Lakini kwenye riwaya watu haohao waliolitunga wanakuwa mabubu wanaolia.

Binti_Unyanyembe
Na lugha yetu imejaa hayo. Mlalahoi. Kapuku. Pangu pakavu tia mchuzi. Chuoni tulikuwa na "kupiga pasi ndefu", unakula mara moja saa tisa mchana ili mlo ushike kuanzia chai mpaka usiku. Na ugali kwa picha ya samaki. Wote tulikuwa na njaa na wote tulikuwa tunacheka, na hakuna aliyekuwa anajifariji. Ilikuwa njia ya kumwambia mwenzako sina, bila kumwomba.

Mchochezi
Hapo ndipo nawapinga. Mkishaanza utani wa pasi ndefu, msomaji aliyeshiba anafunga kitabu akisema "hawa watu wana furaha jamani, hawana kitu lakini wanacheka." Si afadhali alie? Machozi angalau yanauliza kwa nini hali iko hivi.

Msomaji_wa_Daladala
+1

Ploti_Ten
Machozi hayaulizi kitu, ndugu Mchochezi. Ulilia lini ukamuuliza mwenye ploti kwa nini kodi imepanda?

Mchochezi
Na wewe ulicheka lini akaishusha?

BiKidawa
Hahaha. Hapo sare, moja kwa moja.

Mwl_Mstaafu
Mchochezi ana hoja, asipuuzwe. Iko tofauti ya kicheko. Jiulize mzaha anausema nani na mwenye jambo yuko wapi wakati unasemwa. Msimulizi akimchekesha msomaji juu ya viraka vya Mama Siwema, mama yuko mbali na hana pa kujibia, huko ni kumcheka. Mama Siwema akisema mwenyewe kwamba gauni lake limebaki viraka, kitambaa kimejiuzulu, msomaji anacheka akiwa amealikwa.

Binti_Unyanyembe, ninyi mna watani. Tueleze mambo ya msibani.

Binti_Unyanyembe
Mwalimu unanitafuta. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na msibani ndipo utani unapokuwa mkali. Alipofariki babu yangu Dar, mtani mmoja wa makamo aligoma kutoka kaburini, akajilaza kwenye mwanandani anasema hapa pazuri, sitoki mpaka mnilipe, huyu mzee ana deni langu. Wajomba zangu ambao hata nauli ya kuja walichangiwa wakaanza kubishana bei naye huku machozi yanatoka. Wakamlipa mia mia. Watu wanacheka, watu wanalia, kwa pumzi moja.

Mtu wa nje angeona ukatili. Lakini yule mzee alikuwa na haki ya kusema. Wewe usiye mtani ukijaribu, utatoka pale na jicho limevimba. Kwa hiyo mimi nadhani mwandishi ajiulize kwanza kama yeye ni mtani wa hao anaowaandika.

KalamuKavu
Na kama si mtani? Mimi baba yangu alikuwa karani, tumekula mara tatu kwa siku. Nisiandike?

Ustadh_wa_Bondeni
Assalaam aleikum. Naona mnawatimua wasaidizi wote kwenye hadithi. Mmesahau kisa cha Sayyidna Umar? Anazunguka usiku, anamkuta mama anapika mawe ili watoto wadhani chakula kinaiva, walale. Umar anakwenda kubeba unga mgongoni kwake, anawapikia. Ni mwokozi yule, na kisa kina zaidi ya miaka elfu moja, na kinapendwa.

Mwl_Mstaafu
Waaleikum salaam Ustadh. Kwenye masimulizi ya vitabuni sufuriani mna maji tu, mawe tumeongeza sisi wasimulizi.

Ustadh_wa_Bondeni
Sahihi, maji. Mawe ni ya mimbari na ya bibi zetu.

BiKidawa
Lakini kisemeni chote, Ustadh. Yule mama hamjui kuwa anaongea na Umar. Anamwambia usoni: Mwenyezi Mungu ataamua baina yetu na Umar. Anashtaki! Na mtumishi Aslam alipotaka kumpokea mzigo, Umar alikataa, akamuuliza je, utanibebea mzigo wangu Siku ya Kiyama? Yule hakuwa bwana wa kupita na suti. Alikuwa mdaiwa, anakwenda kulipa deni usiku, moshi unapita kwenye ndevu. Mama Siwema wako anamshtaki nani, Kalamu? Anamuuliza Mola "kwa nini mimi", wakati baba mwenye nyumba yuko chumba cha pili!

Mchochezi
Bi Kidawa, hapo umenipata. Hiyo naikubali.

Msomaji_wa_Daladala
Na ile Kuli ya Shafi Adam Shafi? Si iliandikwa 1948, wapagazi wa bandarini Unguja, hawaokolewi na mtu.

Mwl_Mstaafu
1948 ni mwaka wa mgomo wenyewe pale Zanzibar. Kitabu kimetoka 1979. Lakini ulichosema kuhusu kuokolewa ni kweli, wanagoma wenyewe. Tatizo ni kwamba si kila hadithi inaweza kuishia na mgomo. Mama Siwema ana jioni moja tu.

Mfadhiliwa
Samahani wakuu, mimi ni msomaji tu, leo nachangia. Nimesoma kwa mfadhili kuanzia darasa la tatu. Mgeni, kutoka nje, sikuwahi kumwona. Mkisema mwokozi wa nje ni uongo wa kifasihi, mnanifuta mimi. Nipo. Nina shahada.

Ila nitawaambia ambacho hamjawahi kukisoma kwenye hadithi hizo. Kila baada ya miezi kadhaa tulikuwa tunakusanywa kuandika barua. Kiongozi anaandika ubaoni, sisi tunanakili, tunachora na picha ya nyumbani. Mimi nilichora ng'ombe kwa sababu nilikuwa najua kuchora ng'ombe. Barua ijayo mfadhili akauliza ng'ombe anaendeleaje. Hatukuwa na ng'ombe! Nikamwuliza mama. Mama akafikiri, akasema mwambie hajambo. Ng'ombe yule amekua, amezaa mara mbili, na nilipofika kidato cha nne tuliona anazidi kuwa mzigo, tukamuua kwa ugonjwa. Mfadhili akatuma pesa ya pole. Mama akasema, "Mnyama mwema yule, hata kufa amekufa kwa faida."

Mama hakuwa anaomba wala halii kwenye kisa hiki. Alikuwa anaongoza zizi.

Ploti_Ten
Aisee. Andika hiyo. Leo.

Binti_Unyanyembe
Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Huyo ng'ombe apewe jina.

Mfadhiliwa
Alikuwa nalo. Baraka.

Mchochezi
Sasa angalieni: mwokozi yumo, pesa imekuja kutoka nje, na bado kisa ni cha mama. Kumbe tatizo si kuwemo kwake.

Mwl_Mstaafu
Au tatizo ni macho. Kwenye hadithi ya Kalamu tunamwona mama kwa macho ya bwana wa suti tangu sentensi ya kwanza, hata kabla gari halijafika. "Waliodhoofu" amewaona nani? Mama anawaona watoto wake kila siku, yeye angeona kwamba Siwema kavaa kandambili za miguu ya kushoto zote mbili.

BiKidawa
Mimi sikubaliani, Mwalimu. Tatizo ni tumbo. Mwandishi hajui bei.

KalamuKavu
Wakuu, asanteni. Nimeandika upya. Nimekwenda kukaa uwanjani kwa shangazi yangu Manzese siku mbili, kisha nikampigia yule dada wa samaki, akanitajia bei akiwa anacheka. Msinihurumie:

*"Saa kumi na moja jioni Mama Siwema alikuwa na elfu mbili, na elfu mbili ile ilikuwa na wenyewe wengi. Unga nusu kilo, mia tisa. Dagaa fungu moja, mia tano. Mafuta ya kupima, mia tano. Ikabaki mia moja, na mkaa hauuzwi kwa mia moja.*

*'Mama Zai,' aliita ukutani, 'maharage yameiva?'*

*'Bado kuunga.'*

*'Ukiepua usizime moto. Jana wangu umechemshia maji ya kuoga.'*

*'Nimekataa? Mbona unanidai kama Mangi?'*

*Mangi mwenyewe alikuwa amelala juu ya daftari. Mama Siwema alilisoma kupitia nondo za dirisha, kichwa chini miguu juu, kama alivyozoea.* Mama Siwema mlango wa bluu: 7,400.

*'Mangi, hiyo ni saba mia tatu.'*

*'Saba mia nne, mama.'*

*'Jumatatu sukari, Jumatano sabuni na unga, Ijumaa uliniongezea majani ya chai hukuyaandika, nikakukumbusha mwenyewe. Saba mia tatu. Na mlango tulishapaka kijani.'*

*Mangi alifuta 'bluu'. Ile mia hakuigusa."*

Binti_Unyanyembe
Eeeh! Huyu namjua! Huyu ni mama mdogo wangu!

BiKidawa
Sasa umepika. Hiyo ya moto umeitoa kwa shangazi?

KalamuKavu
Ndiyo, Bi. Mwenye kumaliza kupika kwanza anaacha jiko na moto, mwenzake anabandika. Wana zamu, na wanakumbuka zamu kuliko tarehe za kodi. Nilipomwuliza shangazi kama huo ni msaada alikasirika. "Msaada gani? Ni moto wangu wa jana."

Mwl_Mstaafu
Hiyo sentensi ya shangazi iingize. Ina uzito kuliko yote tuliyobishania hapa.

Nina shaka moja. Umehesabu vizuri, lakini bei zitakuchakaa. Baada ya miaka mitano msomaji ataona mia tisa ya unga, atadhani mama ana nafuu. Acha kinachobaki na kisichotosha ndivyo vibebe maana. "Ikabaki mia moja, na mkaa hauuzwi kwa mia moja" itaeleweka hata bei zikibadilika. Orodha iliyotangulia ningeipunguza.

Ploti_Ten
Mimi ningeiacha. Bei zikizeeka, ziwe ushahidi.

Msomaji_wa_Daladala
Kwa hiyo hii haina kulia kabisa? Siwema anakuwa daktari au hawi?

KalamuKavu
Sijui, kaka. Bado ni saa kumi na moja jioni.

Mchochezi
Nimeipenda, ila nabaki na langu. Mtu mwenye akili ya hesabu kiasi hiki, anayeweza kusoma daftari kinyumenyume, kwa nini akili yote hiyo inaishia kwenye mia moja? Hadithi isiponiachia hasira hiyo, nitasema mmetengeneza kichekesho kizuri tu.

BiKidawa
Si umeshakasirika? Nani kakukasirisha kama si hadithi?

MangiWaKona
Habari zenu. Nimeletewa uzi huu na mteja. Mimi nina duka Uswahilini mwaka wa kumi na moja, kwa hiyo nimesoma hadithi kwa makini, na nina malalamiko.

Moja, hatulali juu ya daftari. Daftari langu ni boksi la sabuni nimelikata, nimelitundika nyuma ya mizani. Nikilifungua mezani kila mteja ataona deni la mwenzake, patachimbika.

Pili, majina ni kweli. Nina "Mama Aisha mrefu", "Mama Aisha wa pili", "Fundi analipa", na "Fundi". Deni bovu silijui kwa ukubwa, nalijua kwa njia. Mteja akianza kupita uchochoro wa nyuma kwenda kituoni, wakati mbele kwangu ndiko karibu, hapo najua. Siendi kugonga mlango. Nampa mtoto wake kipimo kidogo cha kitu apeleke nyumbani, namwambia msalimie mama, mwambie njia bado ipo. Wengi wanarudi. Si kwamba ni roho nzuri. Akihama na deni nimepoteza pesa na mteja.

Kwa hiyo hata mimi msinifanye bwana wa suti, na msinifanye mwizi.

Mwl_Mstaafu
"Mwambie njia bado ipo." Kalamu, umeona vitu vinavyopatikana ukiacha kulia?

KalamuKavu
Nimenakili yote. Mangi, shukrani. Lakini ile mia uliongeza ya nini?

MangiWaKona
Sikuongeza. Ile mia ni ya kiberiti.

KalamuKavu
Hakuna kiberiti kwenye hadithi yangu.

MangiWaKona
Alichukua Siwema. Jumamosi asubuhi, mama yake alikuwa kisimani. Muulize.

BiKidawa
Toba! Na kiberiti alikipeleka wapi mtoto, wakati moto ni wa Mama Zai?

KalamuKavu
Ngojeni. Narudi kuandika.